Mengine Kama Mwaka Jana

Meneja alikuwa na mwaka mzima wa kujua kwamba ataenda likizo. Alikumbuka waraka saa tano asubuhi ya siku ya kuondoka, mguu mmoja ofisini, mguu mmoja garini, mke wake akipiga honi nje.

"Karani, ule waraka wa nani aamue nini nikiwa sipo. Nakutumia mambo kwenye simu, wewe panga tu. Karatasi zenye saini yangu unazo."

Anazo, ndiyo. Tatu, tupu, zimesainiwa chini kabisa, kwenye droo. Hivyo ndivyo wakubwa wa ghala lile la baridi walivyozoea: saini kwanza, maneno baadaye, na maneno yakiharibika ni ya aliyeyachapa.

Gari halijatoka getini, simu ya Karani ikaanza kutetemeka juu ya meza kama nzige ndani ya kopo.

*Zamu na ruhusa za wagonjwa, Kaimu.*

*Ununuzi mdogo Mkuu wa Stoo. Mkubwa usubiri.*

*Wateja wakilalamika Kaimu. Wakitaka mkataba mpya WASUBIRI.*

Ukafuata ujumbe wa sauti, nusu yake watoto wakigombea dirisha: "Magari ya kupakia, huyo huyo wa Stoo... kaa chini wewe!... na kufukuza mtu, hakuna wa kufukuza mtu mpaka nirudi. Raha hiyo najiwekea mwenyewe." Akacheka peke yake.

Halafu kimya cha saa moja. Halafu wa mwisho:

*Mengine kama mwaka jana. Naingia kwenye ndege.*

Karani alikuwa mwanamke wa mpangilio. Alifungua waraka wa mwaka jana kwenye kompyuta, akabadilisha tarehe, akayatia mazungumzo yale ndani ya jedwali lile lile lenye safu nne: jambo, anayeamua, mpaka wa mamlaka yake, na akikosekana afanye nani. Chini yake sentensi ya kila mwaka: mamlaka haya yanaanza leo na yanakoma Meneja akirudi. Mambo ambayo hakuambiwa kitu juu yake, aliyaacha yalivyo. Kama mwaka jana. Akaupiga waraka picha, akamtumia Meneja. Kabla ndege haijaruka kikarudi kidole gumba kimoja, kimenyooka juu. Akauchapa kwenye karatasi yenye saini, akaubandika ubaoni karibu na saa ya kuingilia kazini, akaenda kwake akijiona kamaliza siku safi.

Kesho yake asubuhi alikuta kicheko ubaoni. Wanawake wa chumba cha tatu, waliofunga samaki kwenye maboksi kutwa nzima katika baridi ya kukausha kope, walikuwa wamesongamana na makoti yao manene. Mbele yao wote, kidole kwenye karatasi, alikuwa wifi yake, dada mdogo wa mumewe, mwanamke mwenye mdomo usiojua kufungwa.

"Wifi!" akaita. "Umetuletea msukule ofisini!"

"Umeanza."

"Sijaanza mimi, umeanza wewe. Njoo usome mstari wa saba ulioandika mwenyewe."

Karani akasoma. *Kusimamisha mitambo na kutoa watu. Anayeamua: Msimamizi wa Mitambo, Babu Barafu. Mpaka: mamlaka kamili. Akikosekana: asubiriwe.*

Babu Barafu walimzika miezi mitatu iliyopita.

"Atasubiriwa sana," mmoja akasema, na kicheko kikafa taratibu, maana hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kucheka.

Sasa lazima ijulikane Babu Barafu alikufaje, kwa sababu ripoti ya kampuni iliandika uongo, na waliokuwepo bado wanapumua. Mitambo ya ghala lile inaendeshwa kwa amonia, gesi inayozunguka ndani ya mabomba ikibeba joto nje. Ndani ya bomba ni mtumishi. Ikitoka nje inachoma macho, inakaba koo, na ikizidi inaua. Babu aliitunza miaka ishirini na sita. Kabla ya kuwasha au kuzima chochote aligonga bomba mara tatu kwa spana yake, taratibu, ngo, ngo, ngo, na mlio ukasafiri ghala zima. "Nabisha hodi," alikuwa akisema. Kila aliyefanya kazi mle aliujua.

Kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu, kinachopiga king'ora na kufunga vali kuu, zamani kilikuwa wazi ukutani. Siku moja mtu akakigusa kwa bahati mbaya, mzigo ukapata joto, Meneja akakitia ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Ufunguo ukakaa kwenye droo ya Karani, utolewe kwa mwenye mamlaka tu, kwa kuandikwa daftarini. Na mwenye mamlaka ni Meneja. Isipokuwa wiki mbili kila mwaka, za likizo, ndipo Babu aliandikwa, kwa kuwa Meneja hakutaka kusumbuliwa ufukweni.

Babu hakufa ndani ya wiki zile mbili. Alikufa siku ya kawaida, Meneja yuko kikaoni, simu imezimwa. Mashine ya pili ilikuwa inavuja kwenye shingo yake. Babu alimwandikia Karani: *Meneja hapokei. Naomba ruhusa ya kuzima ya pili, na ufunguo. Unijibu mwanangu.*

Karani aliusoma. Hilo hakumwambia mtu, hata mumewe. Aliusoma, akampelekea Meneja ulivyo, akarudi kwenye orodha zake, kwa sababu kutoa ruhusa haikuwa kazi yake, na kujibu "subiri" kulionekana kumkosea adabu mzee. Dakika arobaini baadaye shingo ya mashine ikapasuka. Walimkuta amekaa chini karibu na mlango, simu mkononi, uso umeelekea kioo chake. Ripoti ikasema alizembea kutoka. Alizembea! Mtu aliyekuwa anasubiri ajibiwe.

Basi Karani aling'oa waraka ubaoni, akaenda nao kwa Kaimu mbio.

Kaimu alikuwa mtu wa tai iliyobana na roho iliyobana zaidi. Akausoma, akaurudisha kwa ncha za vidole, kana kwamba una unyevu.

"Umesainiwa?"

"Nilitumia zile karatasi, bosi. Ni kosa langu, nilinakili. Tuandike jina lako au la Fundi Shoto wa mitambo, niuchape upya."

"Uchape juu ya saini ya nani? Mimi nikibadilisha mamlaka niliyopewa na Meneja, nimeghushi. Mwandikie mwenyewe abadilishe."

"Nimemwandikia tangu saa moja. Alama moja tu, ujumbe haujafika. Nadhani kabadilisha laini."

"Basi asubiriwe."

"Nani, Meneja au marehemu?"

Kaimu hakucheka. "Urudishe ubaoni, mama. Wiki mbili tu. Mitambo ni mizima."

Akaurudisha. Na tangu asubuhi ile simu ya mezani ikaanza.

Ilikuwa simu ya ndani, ya zamani, kila idara na namba yake. Chumba cha mitambo ni kumi na nne. Saa nne kasorobo, kioo kidogo kikaonyesha kumi na nne. Karani akapokea. Upande wa pili hakukuwa na mtu. Kulikuwa na mngurumo wa mashine, mzito, na chini ya mngurumo kitu kama mtu anayevuta pumzi puani kabla ya kuuliza. Kisha ikakatika.

Akamfuata Fundi Shoto, aliyeachiwa mitambo bila kupewa cheo, mshahara ule ule. Alikuwa uani anakunywa chai kwa mkono wake wa kushoto.

"Umenipigia?"

"Mimi? Nikupigie nikwambie nini, mke wa mtu?"

"Kumi na nne imeita sasa hivi."

Shoto akaweka kikombe chini. "Chumba nimekifunga. Ufunguo huu hapa."

Siku ya pili ikaita saa ile ile. Siku ya tatu pia. Shoto alipofungua daftari la vipimo, ambamo msukumo wa gesi huandikwa kila saa, alikuta mistari ya saa za chai, zile asizokuwepo, imejazwa. Tarakimu zilikuwa sahihi. Alizilinganisha na mishale ya mashine. Saba zilikuwa na kistari katikati, na ndani ya ghala lile mtu mmoja tu alikuwa anakatia saba zake kistari.

"Usimwambie mtu," akamwambia Karani. "Watasema tumerukwa na akili, halafu watatukata siku."

"Wewe unasemaje?"

"Nasema umemteua." Akafunga daftari. "Mtu kateuliwa, kaja kazini. Wangapi humu wanafanya hivyo?"

Siku ya tano, saa nne na robo, Shoto aliingia ofisini bila kubisha. Macho yalikuwa mekundu, machozi yanamtiririka, na alikuja na harufu ile, kali kama sindano ndani ya pua.

"Kiungo cha bomba la korido. Cha chumba cha tatu. Kimefunguka boliti, kinatoa moshi mweupe. Nipe ufunguo."

Chumba cha tatu. Korido ile ndiyo njia yao ya kila siku; mlango wa nyuma ni wa dharura tu, wa kufunguliwa kwa ndani. Wanawake ishirini na watatu walikuwa ndani na wifi yake katikati yao, pua zimekufa ganzi kwa baridi, simu zimefungiwa kwenye makabati ya nje kwa amri ya kampuni. King'ora ndicho kingewaambia, na king'ora kiko kwenye kitufe. Kutoka bila king'ora walishatoka mwaka juzi, kwa harufu tu. Wanne wa mbele wakafukuzwa, eti wameacha mzigo. Nani angetoka tena?

Karani alivuta droo. Mkono ukashika ufunguo. Na mdomo wake, mdomo uliofunzwa miaka tisa, ukasema: "Hujaandikwa."

Shoto akamtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Twende kwa Kaimu," Karani akasema haraka. "Haraka!"

Kaimu alikuwa amesimama dirishani, leso puani. Alikuwa anajua tayari.

"Ni harufu tu, itapita. Tukizima, vyumba vyote vinapanda joto, na mzigo ni wa watu. Mimi mamlaka yangu ni zamu na ruhusa za wagonjwa."

"Basi wape ruhusa ya ugonjwa!" Shoto akapiga kelele. "Wote ishirini na watatu! Waandikie sasa hivi, kabla hawajaugua!"

"Usinipandishie sauti. Mstari wa saba una mwenyewe."

"Mwenyewe yuko kaburini!"

"Hilo mwambie Meneja akirudi," Kaimu akasema, akachukua simu yake, akaiweka sikioni. Haikuwa imeita.

Walirudi mbio ofisini. Karani akamwandikia Meneja tena, herufi zikigongana: *Gesi inavuja, naomba ruhusa kuzima.* Alama moja ya kijivu. Akaitazama. Aliyaona maneno yake mwenyewe, akayatambua. Hayakuwa yake. Aliwahi kuyasoma, naye hakujibu.

Simu ya mezani ikaita.

Kumi na nne.

Shoto alikuwa mbele yake, funguo za chumba cha mitambo zinaning'inia kiunoni. Wote wawili wakazitazama, kisha wakaitazama simu. Ofisi ikawa na baridi isiyo ya ofisi. Kioo cha dirisha kikafunga ukungu kwa ndani.

Karani akapokea. Mngurumo. Pumzi ile, inayovutwa puani. Safari hii haikukatika.

"Babu," akasema. Sauti ilimtoka ndogo, ya mtoto aliyeitwa na mzazi. "Babu, ni mimi. Kuna watu cha tatu. Tuzime?"

Ngo.

Ngo.

Ngo.

Haikutoka kwenye simu tu. Ilipita kwenye bomba lililokatiza dari juu ya vichwa vyao, ikaenda zake upande wa vyumba. Shoto akainua uso, akaufuata mlio kwa macho.

Karani akafungua daftari la ufunguo. Mkono haukutetemeka, na baadaye ndicho kitu kilichomtisha kuliko vyote. Akaandika: *Saa nne na dakika ishirini na mbili. Kusimamisha mitambo na kutoa watu. Aliyeamua: Babu Barafu. Kwa simu.* Kisha akatupa ufunguo hewani, Shoto akaudaka kwa kushoto, wakatoka.

Kitufe kilipozama, ghala lilinyamaza. Miaka tisa Karani hakuwahi kulisikia limenyamaza hivyo. Mngurumo ule ulikuwa umemkaa mwilini kama mapigo ya moyo, na ulipokatika alijishika kifua. Kisha king'ora kikalia. Shoto akavaa kinyago chake, akaingia kuhakikisha vali kuu imefunga.

Karani akakimbilia mlango wa korido. Hapakuingilika. Moshi mweupe ulikuwa umelala sakafuni, mzito, unatambaa kuelekea mapazia ya plastiki ya chumba cha tatu kama kitu kinachojua kinakokwenda. Akaita jina la nyumbani la wifi yake mpaka koo likawaka. Hakujibiwa.

"Wifi! Unamlilia nani huko?"

Sauti ilitoka nyuma yake, uani. Walikuwa wamesimama upande unakotokea upepo, kwenye jua, wote, vitambaa vilivyoloweshwa maji vimefunika pua na midomo, makoti yanafuka baridi. Walitoka kwa mlango wa nyuma, wa dharura. Karani akawahesabu. Akawahesabu tena. Ishirini na watatu. Akamkumbatia wifi yake, akampiga mgongoni, akamkumbatia.

"Unaniua sasa, na gesi imenikosa," wifi akasema. Lakini hakumwachia.

"King'ora kimelia sasa hivi tu. Mmetokaje upesi hivi?"

"King'ora gani? Sisi tumegongewa." Wifi akashusha kitambaa. "Bomba la mle ndani, mara tatu. Tukajua anazima. Tukachungulia korido, moshi mtupu. Tukalowesha vitambaa kwenye bomba la maji, tukatokea nyuma." Alianza kuelewa alichosema. "Wifi, nani amegonga?"

Karani akageuka, akautazama mlango wa chumba cha mitambo.

Meneja alirudi kabla ya siku zake, amebabuka kwa jua, na watu wawili wa makao makuu. Mezani kulikuwa na waraka, daftari la ufunguo, na orodha ya mzigo ulioharibika. Ilikuwa ndefu, na waliisoma kwa huzuni ambayo hawakuwa nayo siku ya msiba wa Babu.

"Swali ni moja," mkubwa mmoja akasema. "Nani aliamua?"

"Imeandikwa," Karani akasema.

"Huyu ni marehemu!"

"Ndiyo. Ameteuliwa na Meneja kwa saini yake. Mamlaka kamili. Kidole gumba chake ninacho hapa kwenye simu, na ujumbe wake: mengine kama mwaka jana. Mimi sikuamua. Fundi hakuamua. Kaimu alikataa kuamua, naye ana haki, hakuandikwa."

"Unatufanya wajinga, mama?"

"Nilimsikia akigonga," Shoto akasema kutoka mlangoni.

"Na sisi," wifi akasema nyuma yake, na nyuma ya wifi korido nzima ilikuwa imejaa makoti. "Ishirini na watatu. Mkitaka kumfukuza aliyeamua, twendeni tuwaonyeshe alipolala. Mkamfukuze."

Wale wawili walimgeukia Meneja. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwaka ule yeye kuonekana anasoma kitu mpaka mwisho. Walikaa mpaka jioni, na waraka ulipotoka upya mstari wa saba ulisema: *Anayeamua: yeyote atakayenusa kwanza.* Sanduku la chuma likang'olewa ukutani. Yamebaki matundu manne ya misumari, na watu wanapita wakiyagusa.

Jioni ile Karani alifungua kabati la ofisi kumtafutia mjane vitu vya marehemu, ambavyo kampuni ilivifungia humo tangu msiba. Viatu, miwani, spana. Kabati lilikuwa limefungwa miezi mitatu, na ufunguo ulikuwa kwenye shada lake la funguo. Aliposhika spana aliutoa mkono upesi. Ilikuwa imefunga barafu, nyembamba, nyeupe, na kwenye mpini barafu ilikuwa imeyeyuka kwa umbo la vidole vinne na gumba.

Akakaa. Akatoa simu, akashuka kwenye orodha ya ujumbe, chini, chini, mpaka ule wa Babu. *Unijibu mwanangu.* Namba ile ilizimwa siku ya mazishi.

Akaandika: *Ruhusa ipo, Babu. Zima. Upumzike.*

Akatuma. Ikatokea alama moja ya kijivu.

Akaigeuza simu kifudifudi juu ya meza kabla haijatokea ya pili.